Msaada wa haraka: ovataimu ya kiwandani imeingia kwa watu wasio wake

Kijana wa Igogo:
Wakuu habari za jioni. Niko kitengo cha mishahara kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Mishahara imetoka tarehe 28, leo tarehe 2, na kuna watu wa zamu wamelipwa ovataimu ambayo si yao. Naomba mnielekeze namna ya kumwandikia mhasibu mkuu bila kuonekana nimemchongea mtu. Usingizi umegoma.

Mama Mwaloni:
Pole mwanangu. Mimi nina meza ya dagaa pale Kirumba. Mwaka jana nilimtumia mbebaji wangu hela kwenye simu, mtandao ukasumbua, nikatuma tena. Zikafika zote mbili. Kumuuliza, anasema alidhani nimemwongeza! Watu hela ikiingia huwa hawashtuki, wanashtuka ikitoka.

Wakili wa Mtaa:
Hakuna cha ripoti. Hela ikishaingia benki ni ya mfanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inamkataza mwajiri kukata mshahara hovyo. Mwambie bosi wako ameumia.

Mzee wa Leja:
Wakili, umesoma nusu ukafunga kitabu. Kifungu hicho kinazuia kukata bila msingi wa kisheria au bila mfanyakazi kukubali kwa maandishi. Hakimpi mtu hela iliyozidi kwa makosa ya hesabu. Mleta mada, chanzo ni nini, walioguswa ni wangapi, na jumla ya mshahara ilibadilika?

Kijana wa Igogo:
Jumla haikubadilika hata shilingi, ndiyo maana ikasainiwa. Mtunza mahudhurio alipanga majina kwa alfabeti kwenye Excel. Kati ya majina na saa za ovataimu kulikuwa na safu moja tupu aliyoiacha ili karatasi ipendeze ikichapwa. Majina yakahama, saa zikabaki zilipokuwa. Wakata minofu wote wana mshahara wa msingi mmoja, kwa hiyo saa zilibadilishana wenyewe tu. Waliolalamika ni saba.

Mzee wa Leja:
Safu tupu hiyo nimeiona ikivuruga ofisi zaidi ya moja. Excel ikikutana nayo inadhani jedwali limeishia pale, na ukibofya kupanga inapanga upande mmoja tu.

Sasa, saba ni waliolalamika, si walioguswa. Aliyepunjwa anapiga kelele, aliyezidishiwa yuko kimya anakula samaki. Chukua karatasi za zamu zenye saini ya msimamizi, ziingize kwenye ukurasa mpya uite Zamu, kisha linganisha kwa namba ya mfanyakazi, usitumie jina:

```
=E2-VLOOKUP(A2,Zamu!$A:$C,3,FALSE)
```

Hapo A ni namba ya mfanyakazi kwenye kurasa zote mbili, E ni saa zilizolipwa, na kwenye Zamu saa ziwe safu ya C. Jibu likiwa sifuri mtu yuko salama, likiwa chanya kazidishiwa, likiwa hasi kapunjwa. Lile FALSE usilisahau, maana bila hilo inaweza kukuletea saa za jirani na utakuwa umezaa kosa la pili. Asiyefanya ovataimu mwandike 0 kwenye Zamu, usimwache nje.

Kijana wa Igogo:
Nimefanya usiku huu. Ni 34: waliozidishiwa 19, waliopunjwa 15. Mfano, msingi ni 390,000. Mmoja hakufanya ovataimu kabisa, kalipwa saa 40 za mwenzake. Kwa saa ni 2,000, mara moja na nusu ni 3,000, kwa hiyo kala 120,000 ya mwenzake.

Chai Rangi:
Wakuu, hii chai. 390,000 ukigawa kwa saa 195 za mwezi unapata 2,000 kamili bila senti? Kiwanda gani hicho chenye hesabu za darasa la nne? Huyu ana mtihani wa uhasibu kesho, anataka mumfanyie.

Sangara Mbichi:
Hahaha! Na jina la kiwanda hasemi. Tuwekee slipu ya mshahara hapa.

Kijana wa Igogo:
Niweke slipu ya mtu mtandaoni nifukuzwe mara mbili? Tarakimu nimezizungusha makusudi, ofisini wamo humu. Asiyeamini apite. Na hata hivyo jambo lenyewe nimeshaanza kulimaliza.

Mzee wa Leja:
Umeanza kulimaliza vipi? Umegusa nini?

Kijana wa Igogo:
Niliongea na watano waliozidishiwa, waungwana tu. Wakarudisha kwenye namba yangu ya simu ili niwape wenzao. Huyo wa mfano karudisha 120,000 yote. Nilitaka yaishe kabla bosi hajajua, maana mtunza mahudhurio ana watoto wadogo. Sioni ubaya, hela sijala.

Mama Mwaloni:
Weee! Kwenye simu yako?

Mzee wa Leja:
Simamisha hapo hapo, usimtumie mtu hata senti. Kwanza, umemuumiza huyo muungwana. Ile 120,000 haikumfikia yote. NSSF asilimia 10 ilichukua 12,000. Iliyobaki, 108,000, ikakatwa PAYE asilimia 8, yaani 8,640. Mkononi kilichozidi ni 99,360. Wewe umepokea 120,000, kwa hiyo 20,640 ametoa mfukoni mwake.

Pili, ukimpa aliyepunjwa hiyo 120,000 kwa simu, NSSF yake ya mwezi ulioisha inabaki pungufu na ya mwenzake imezidi. Akija kudai mafao miaka ijayo, nani atakumbuka simu yako?

Ripoti iwe fupi: kosa liligunduliwa lini, safu tupu ilivyofanya kazi, na kwamba hakuna aliyelinganisha saa na karatasi za zamu kabla ya kusaini. Hapo hujamchongea mtu, umeeleza karatasi. Ambatanisha jedwali la wote 34 lenye saa halisi, saa zilizolipwa, na tofauti ya mkononi. Wale watano waandike peke yao na namba za miamala, hela ihamie akaunti ya kampuni, na huyo arudishiwe 20,640. Mishahara ya mwezi ulioisha ikokotolewe upya kwa majina sahihi kabla ya tarehe 7, kwa sababu siku hiyo PAYE inatakiwa iwe TRA. Waliopunjwa walipwe sasa, wasisubiri mwisho wa mwezi. Waliozidishiwa wasaini fomu ya kukubali kukatwa, hata kwa miezi miwili.

Kijana wa Igogo:
Lakini nikiandika wale watano si najichongea mwenyewe? Naweza kuwarudishia kimya kimya, ripoti ikaanza upya.

Wakili wa Mtaa:
Miamala haifutiki, mdogo wangu. Mmoja akigombana na wewe kesho, utaambiwa ulikuwa unawachangisha wafanyakazi.

Chai Rangi:
Sawa, naondoa chai. Mtahiniwa hawezi kuogopa hivi.

Kijana wa Igogo:
Mrejesho. Ripoti nimepeleka asubuhi, na wale watano wamo. Mhasibu mkuu kanyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza simu yangu ina salio gani. Nimehamisha yote mbele yake. Nimepewa barua ya kujieleza. Waliopunjwa wanalipwa Ijumaa. Waliozidishiwa 16 wamesaini, wawili wamegoma, na mmoja mkataba uliisha tarehe 30, simu haipatikani, wanasema yuko kwao Sengerema.

Sangara Mbichi:
Siku hizi daraja la Kigongo–Busisi lipo, husubiri kivuko. Mfuate.

Mzee wa Leja:
Usimfuate. Huyo ni wa barua ya kampuni. Hao wawili msiwakate kwa nguvu, afisa utumishi akae nao na jedwali mezani. Slipu mpya zimetoka?

Kijana wa Igogo:
Bado. Na safu tupu mtunza mahudhurio kairudisha tena, anasema bila hiyo karatasi inabanana.