Kwa nini hatifungani ya miaka 20 inalipa riba kubwa kuliko ya miaka 2? Naombeni ushauri

MamaDagaa_Kirumba: Habari zenu wadau, nimeuza kiwanja changu Igoma nimebaki na milioni 10 sitaki ikae tu benki, nataka kununua hatifungani za serikali. Nimeona kadiri miaka inavyozidi ndo riba nayo inapanda, miaka 20 iko juu ya miaka 2, sasa serikali ni ile ile, kwa nini inilipe zaidi? Kuna mtego? Hela nitaitaka kama baada ya miaka 4 hivi nianze kujenga.

Sangara77: Mfumuko wa bei tu huo dada, miaka 20 mbele milioni 10 haitanunua hata injini ya boti.

Nyavu_Mpya: Mi benki ilinipa mkopo wa mitumbwi wa miezi 18 kwa riba kubwa kuliko anayosema huyo, kwaiyo hoja yenu siielewi.

Mzee_wa_Mnada: Nyavu wewe ulikopeshwa, mama yeye ndo anakopesha, na anayemkopesha ni serikali, ni habari nyingine.

Sangara una nusu. Hata mfumuko ukitulia bado wa muda mrefu anadai nyongeza, kwa sababu ya bei ya kuuzia. Mama fuatilia hapa, tuseme zote mbili zinalipa asilimia 12 afu kesho yake soko linapanda mpaka 14. Hakuna atakayenunua yako ya 12 kwa bei kamili, itabidi uishushe. Ya miaka 2 itauzika kama milioni 9.66, hasara ndogo maana mnunuzi anaumia miaka miwili tu, ila ya miaka 20 itashuka mpaka kama 8.67 kwa vile ataumia miaka yote 20. Hatari hiyo ndo unalipwa.

MamaDagaa_Kirumba: Duh. Na riba zikishuka je?

Mzee_wa_Mnada: Unakula. Soko likienda 10, ile ya miaka 20 inafika kama 11.7. Wa miaka 2 yeye akirudishiwa hela anawekeza upya kwa riba ndogo. Mwaka 2022 Benki Kuu ilishusha riba ya hatifungani mpya za miaka 20 kutoka 15.49 hadi 12.10, waliokuwa nazo za zamani walicheka.

Sangara77: Basi si achukue ndefu tu?

Mzee_wa_Mnada: Ukiishika mpaka iive unalipwa milioni 10 yako yote, bei ya katikati haikuhusu. Ila yeye anaitaka mwaka wa 4, ataiuza sokoni kwa bei asiyoijua leo, na mnunuzi huenda asimpate haraka. Mimi kwa hela ya kujengea ningechukua ya miaka 2, ikiiva naichukua tena ya 2.

Kamanga_Feri: Mi sikubaliani, tofauti ya riba ya miaka 4 inaweza kufidia hiyo hasara, inategemea pengo lililopo kwenye mnada. Mifuko ya pensheni ikizigombania ndefu pengo linabana, na kuna nchi mpangilio wa riba fupi chini ndefu juu uligeuka kabisa, Marekani 2022 ya miaka 2 ilikuwa inalipa kuliko ya 10 kwa vile watu walitegemea riba zitashuka.

MamaDagaa_Kirumba: Kwaiyo niangalie pengo kwanza. Jumatatu napita tawi la Benki Kuu hapa Mwanza niulize matokeo ya minada ya mwisho, ntaleta namba hapa.