Kifundo kinauma kwa ndani na wayo unalala: soli, kifunga kifundo, sindano au mazoezi?

MpishiTudor
Salaam jamani. Nina miaka 49, nauza mahamri na mbaazi, nasimama juu ya saruji tangu alfajiri. Mguu wa kushoto unauma nyuma ya kile kifupa cha ndani cha kifundo, maumivu yanashuka hadi uvunguni mwa wayo. Jioni pamevimba. Binti yangu asema wayo umelala, na zamani haukuwa hivyo. Nimeshauriwa soli laini za kuweka kiatuni, kifunga kifundo cha kamba, au sindano. Nianze na kipi? Pesa za vyote sina.

BahariaKibokoni
Pole dada. Mie niliumwa vivyo hivyo. Gandisha maji kwenye chupa, iviringishe chini ya wayo kila asubuhi. Yalikwisha bila kununua kitu.

Mnyooshaviungo
Baharia, wewe ulikuwa ukiumwa wapi hasa?

BahariaKibokoni
Chini ya kisigino, nikitoka kitandani tu.

Mnyooshaviungo
Basi yako ilikuwa nyingine. Ya dada yaonekana ni kano inayoteremka nyuma ya muundi, ikakunja kona kwenye kifupa cha ndani na kwenda kushika mifupa ya katikati ya wayo. Ndiyo inayobeba uvungu ukitembea. Umri wa makamo, uzito, kisukari na presha huidhoofisha, na wanawake ndio wengi. Chupa ya barafu haitaifikia.

Dada, fanya vitu viwili. Mwambie binti atazame miguu yako kwa nyuma umesimama, ahesabu vidole vinavyochungulia upande wa nje. Kisha shika ukuta, simama kwa mguu mmoja, inua kisigino. Atazame kama kisigino kinageukia ndani kikipanda.

MpishiTudor
Kushoto vinaonekana vidole vitatu, kulia kimoja na nusu. Kulia napanda vizuri. Kushoto nainuka kidogo kwa maumivu, na kisigino hakigeuki, kinabaki kimelala. Lakini nikikaa kitini uvungu unarudi.

Mnyooshaviungo
Kurudi huko ni heri: wayo umelala lakini haujakakamaa. Hapo soli na mazoezi bado vina kazi. Ila usitarajie soli irudishe uvungu wa zamani. Yenyewe inaipunguzia kano mzigo ili ipate nafasi ya kuimarika.

FundiSoliMajengo
Soli laini mama usinunue. Sponji ikikanyagwa wiki chache inalala pamoja na wayo. Taka ngumu, yenye kinundu kikubwa katikati, ikusukume juu.

Mnyooshaviungo
Ugumu sawa fundi. Kinundu kikubwa hapana, kitamchubua na atakivua. La muhimu zaidi ni kabari chini ya kisigino upande wa ndani, kisilalie nje. Na iwe ndani ya raba ya kamba yenye kisigino kigumu nyuma. Soli nzuri ndani ya kandambili ni pesa baharini.

Kifunga kifundo cha kamba ningekiweka kwa siku za uvimbe mkali, akiwa amesimama kazini. Wenzangu wengine huanza nacho kwa kila mgonjwa, hatujakubaliana.

Sindano ya steroidi kwenye kano hii mimi siishauri: inaweza kudhoofisha kano hadi ikakatika. Tena kama una sukari, itapanda.

MpishiTudor
Sukari ninayo. Na hayo mazoezi?

Mnyooshaviungo
Uvimbe ukipungua. Kaa kitini, funga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye mguu wa meza, kikuvute wayo kwa nje. Elekeza vidole chini kidogo, peleka wayo ndani, rudi polepole. Goti lisiende nalo, maana paja likifanya kazi kano inalala. Mara 15, mizunguko mitatu. Kisha simama, bana mpira wa tenisi kati ya visigino, inua vyote viwili, shuka taratibu bila kuuachia. Mguu mmoja ni baadaye, miguu miwili isipouma tena. Nyoosha shavu la mguu pia, ukiwa na kiatu chenye soli. Hesabu miezi mitatu, si wiki mbili. Maumivu yakikaa hadi kesho yake, punguza.

MjukuuWaLikoni
Mie wayo bapa tangu utotoni, napanda mteremko wa feri kila siku, siumwi. Kwa nini huyu atibiwe?

Mnyooshaviungo
Wako umezaliwa nao na kano ni nzima. Wake umebadilika ukubwani, mguu mmoja, na uvimbe. Dada, maumivu yakihamia upande wa nje wa kifundo usifurahi kwamba ndani pamepoa. Huenda kisigino kimelala hadi mifupa inabanana. Hapo, au usipoweza kuinuka kabisa, nenda kwa daktari wa mifupa.

FundiSoliMajengo
Kabari naweza kuchonga kwa ngozi. Unene gani?

Mnyooshaviungo
Anza milimita nne, atembee nayo kwanza. Goti likianza kuuma, punguza.

MpishiTudor
Na nyumbani? Siingii na viatu ndani mie.

BahariaKibokoni
Nunua raba ya pili, ya ndani tu.

Mnyooshaviungo
Hilo Baharia kapatia.