Nukta za CV ya mtunza stoo: toleo A, B, au kuna njia nyingine?

Wa_Donholm
Habari zenu wadau. Mimi ni mtunza stoo kwenye ghala la vyakula Eneo la Viwanda, na nataka kuomba kazi ya mdhibiti wa stoo kwingineko. CV yangu ilichapwa saiba moja mjini na nukta zake ni hizi:

- Nilisimamia upokeaji wa bidhaa ghalani.
- Niliratibu hesabu za stoo za kila mwezi.
- Nilihakikisha bidhaa zinatunzwa kwa viwango vinavyofaa.
- Nilishiriki katika kuboresha utendakazi wa idara.

Rafiki yangu aliisoma akasema hajui mimi hufanya nini kazini, na yeye tumejuana tangu shule. Kwa hivyo nimejaribu nukta ya pili kwa namna mbili:

Toleo A: Niliongoza kwa weledi mkubwa zoezi la kimkakati la kuhesabu stoo.
Toleo B: Nilipunguza tofauti za stoo kwa asilimia 30.

Mngenipa gani?

Kasri_Tano
B bila kufikiria mara mbili. A ni ile ile ya zamani imevalishwa suti. Anayeajiri anatafuta tarakimu, basi. Weka tarakimu kwenye kila nukta, hata ile ya kupokea mzigo. Nukta isiyo na tarakimu itoe kabisa.

Mama_Ajira
Nimesoma CV za watu wa stoo kwa miaka mingi, kiwandani na kwa wasambazaji, kwa hivyo niruhusu niulize kabla ya kuchagua. Ndugu Wa_Donholm, hiyo asilimia 30 imetoka wapi? Ilikuwa 30 ya nini, kuanzia mwezi gani, na nani mwingine kazini anaijua?

Naomba pia utueleze hesabu ya mwisho wa mwezi inavyokwenda, kuanzia karatasi mnayoshika. Usiipambe. Andika kama unayemweleza mtu anayeanza kazi Jumatatu.

Wa_Donholm
Asante mama. Ukweli, asilimia 30 ni makadirio. Saiba waliniambia kila mtu huweka.

Hesabu iko hivi. Nilipoanza, karatasi ya kuhesabia ilitoka kwenye mfumo ikiwa na jina la bidhaa, salio la mfumo, halafu nafasi ya kujaza ulichohesabu. Vijana walikuwa wakiangalia salio, wanatupia jicho rafu, wanaandika namba ile ile. Hesabu iliisha kabla ya saa sita na tofauti zilikuwa bidhaa 9 tu. Lakini oda zikija, mfumo unasema mafuta ya kupikia yapo na rafuni hayapo.

Nikamwomba mhasibu atuchapishie karatasi isiyo na safu ya salio. Unahesabu, unaandika, unampelekea yeye alinganishe. Pale zilipotofautiana, mtu mwingine alirudi kuhesabu upya. Mwezi wa kwanza bidhaa zenye tofauti zikaruka hadi 61 kati ya 420, na bosi alikasirika sana. Tukafuatilia moja moja: nyingine zilikuwa zimepokewa kama katoni na kutolewa kama pakiti, nyingine zilirudishwa na wateja bila kuingizwa. Mwaka ulipoisha zilikuwa 19.

Mama_Ajira
Hapo sasa umeniambia kazi yako. Na angalia hatari ya toleo B. Mtu akilinganisha 9 za mwanzo na 19 za mwisho, ataona mambo yameharibika mikononi mwako. Ile 9 haikuwa hesabu, ilikuwa nakala ya mfumo. Mahali pa kuanzia kupima ni zile 61, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza watu walihesabu kweli. Mtu yeyote aliyewahi kuendesha stoo anajua kwamba ukificha salio, tofauti hupanda kwanza. Ukiandika asilimia tupu, atakuuliza mwezi wa kwanza ilikuwaje, na jibu lako lisipolingana na CV, mahojiano yamekwishia hapo.

Mimi ningeiandika hivi:

- Niliondoa salio la mfumo kwenye karatasi za kuhesabia ili kila bidhaa ihesabiwe rafuni. Nikafuatilia chanzo cha kila tofauti, na bidhaa zenye tofauti zikashuka kutoka 61 hadi 19 kati ya 420 ndani ya mwaka.

Sikuchagua kitenzi kwa uzito wake. "Niliondoa" kimekaa pale kwa sababu ndicho ulichofanya. "Niliratibu" angeweza kukiandika hata yule aliyekuwa akinakili salio, na angekuwa anasema kweli. Mimi hupima hivi: je, aliyekuwa kwenye kiti hicho kabla yako, akifanya kazi ovyo, angeweza kuandika nukta hiyo hiyo? Akiweza, nukta haijasema lolote kukuhusu.

Kasri_Tano
Nakubali kuhusu 61. Lakini bado ni tarakimu iliyoibeba hiyo nukta, mama.

Mama_Ajira
Imesaidia, sikatai. Funika tarakimu kwa kidole usome tena. Bado unaona mtu aliyegundua kwa nini hesabu ni za uongo na akabadilisha karatasi. Sasa funika maneno ubaki na "asilimia 30". Hakuna mtu hapo.

Binti_Mapokezi
Samahani kuingilia. Mimi ni wa mapokezi kliniki ndogo Kayole na CV yangu ni "Nilihudumia wagonjwa kwa ukarimu". Sina tarakimu zozote. Niandike wangapi kwa siku? Sikuwahi kuhesabu.

Mama_Ajira
Dada, usibuni idadi. Hebu niambie, Oktoba 2024 NHIF ilipoondoka na SHA ikaingia, mezani kwako kulikuwaje?

Binti_Mapokezi
Ilikuwa vurugu. Watu wanakuja na kadi ya zamani, hawajajisajili. Nilikuwa nachukua simu ya mgonjwa, tunapiga *147# pamoja, namsomea hatua, wazee hasa. Nilianza kuwauliza kwenye foleni, kabla hawajafika dirishani, ili wale wasiosajiliwa wakae pembeni tuwasaidie na foleni isisimame.

Mama_Ajira
Ndiyo hiyo. "Kliniki ilipohamia SHA Oktoba 2024, niliwatenga kwenye foleni wagonjwa ambao hawajasajiliwa na kuwasajili kwa *147# kwenye simu zao, ili wengine waendelee kuhudumiwa." Haina idadi ya watu, na ningekuita kwenye mahojiano.

Dereva_Mlolongo
Mimi naona mnasahau mambo ya msingi. CV ni cheti cha kazi. Kila mwajiri wa zamani lazima akupe cheti cha utumishi, sheria iko wazi. Ambatanisha hicho, nukta zitajithibitisha zenyewe. Mimi mwenyewe ninacho cha kampuni mbili za malori na sijawahi kuulizwa nukta.

Mama_Ajira
Kaka, haki ya kupewa cheti unayo, ni kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007. Lakini kinachotakiwa humo ni lini ulianza, lini uliondoka, kazi ya aina gani na mahali gani. Mwajiri halazimiki kuandika ulivyoifanya. Kitathibitisha kwamba ndugu yetu alikuwa stoo. Habari ya karatasi na zile 61 hakitakuwa nayo. Kwa hiyo kwenye warejelewa asiweke jina la mkurugenzi asiyeshuka ghalani. Amweke yule mhasibu aliyechapisha karatasi mpya, kwa idhini yake, maana akipigiwa simu atalisimulia jambo hilo bila kusita.

Wa_Donholm
Nimejaribu ile ya kupokea mzigo:

- Nilihesabu kila mzigo dhidi ya LPO kabla dereva hajagongewa muhuri, na kukomesha malipo ya bidhaa ambazo hazikufika.

Kasri_Tano
Kali hiyo. Na haina tarakimu, nimeona.

Mama_Ajira
Nusu ya kwanza ni nzuri mno. Watu wengi huhesabu dhidi ya delivari peke yake, yaani wanahakiki karatasi ya muuzaji kwa karatasi ya muuzaji. LPO ndiyo inayosema sisi tuliagiza nini. Nusu ya pili inanitia wasiwasi. Je, malipo hayo yalikoma kabisa?

Wa_Donholm
Kabisa la. Yalipungua sana. Kilichobadilika ni kwamba upungufu nauandika kwenye delivari, dereva anasaini pale pale, nakala inakwenda kwa uhasibu. Awali muuzaji alikuwa anaruka, anasema mzigo ulitoka kamili.

Mama_Ajira
Basi andika hicho ulichokiona wewe: "...upungufu niliuandika kwenye delivari na dereva akausaini kabla ya kuondoka, hivyo uhasibu ukawa na ushahidi wa kudai kredit noti." Yaliyotokea uhasibuni baada ya hapo si ya mkono wako.

Mchapaji_wa_Ngara
Mimi huchapa CV za watu kila siku na naomba kupinga kidogo. Kwanza, nukta zenu zinarefuka. Nukta ikipita mistari miwili, macho yanaruka. Pili, waajiri wengi siku hizi wanapokea maombi mtandaoni na wanatafuta maneno ya tangazo. Tangazo likisema "udhibiti wa stoo" na wewe umeandika habari za rafu na kalamu tu, hutaonekana. Hayo maneno makavu yana kazi yake.

Mama_Ajira
Hilo la maneno ya tangazo ni kweli. Yaweke kwenye cheo na kwenye mstari wa muhtasari juu: mtunza stoo, udhibiti wa stoo, upokeaji, hesabu. Huko yanakaa vizuri, na nukta zinabaki huru kusimulia kazi. Urefu nao nakubali, mistari miwili inatosha. Ile ya hesabu inaweza kupunguzwa: toa "kati ya 420" kama inabana.

Na "viwango vinavyofaa" ni nini, Wa_Donholm?

Wa_Donholm
Niliandika mwezi wa kuisha muda kwa kalamu ya wino mzito kwenye upande wa katoni unaoelekea njia, ili anayetoa mzigo achukue ya mapema bila kusoma maandishi madogo. Hapo awali walikuwa wanachukua ya mbele, ambayo ndiyo mpya.

Binti_Mapokezi
Hiyo iandike hivyo hivyo!

Mchapaji_wa_Ngara
Bado nina swali kuhusu 61. Hizo ni siri za kampuni. Ghala lenye tofauti 61 ni aibu kwa mwajiri wa sasa, na anayesoma CV anaweza kuwa mshindani wake. Mimi ningeweka "hadi chini ya theluthi ya zilizokuwepo", hesabu inakubali.

Kasri_Tano
Theluthi ya nini? Hapo tumerudi kwenye asilimia 30 isiyo na mwenyewe.

Mama_Ajira
Hapa nyote mna hoja. Kama mkataba wake una kipengele cha usiri, aende na theluthi. Kama hauna, mimi ningeziacha, ila najua wenzangu kadhaa kwenye kazi hii ambao wangezifuta.

Wa_Donholm
Nitausoma mkataba leo jioni. Na ile ya nne, "Nilishiriki katika kuboresha utendakazi wa idara"? Nimekaa nayo tangu asubuhi na sikumbuki ilikuwa ikimaanisha nini.

Mama_Ajira
Ifute. Nukta tatu zinatosha.