Jamaa wa video fupi wamenivua nguo mbele ya mteja!

MamaShanga_Kkoo
Wakuu, mnawajua, sina haja ya kuwataja. Nauza shanga Kariakoo, na kila mfuko nimechapisha #shangazakiunoni. Leo mama mtu mzima, baibui lake safi, kaiandika hashtegi hiyo pale pale dukani atafute rangi aliyoiona. Badala ya shanga likaja onyo kwamba maneno hayo yanahusishwa na maudhui yanayokiuka miongozo. Video hata moja hakuna! Akanitazama: "Mwanangu, hapa mnauza nini hasa?" Mnauza nini hasa! Ardhi ingepasuka ningezama nikaibukie Kigamboni. Bibi zetu wote wamevaa shanga, leo naulizwa nauza nini hasa!

KijanaWaTemeke
Umefungiwa akaunti kimya kimya, dada. Futa, ufungue mpya.

FundiVideo
Asifute kitu. Kufungwa hashtegi na kufungwa akaunti ni mambo mawili. Dada, weka video bila hashtegi hiyo. Ikipata watazamaji kama kawaida, akaunti yako ni nzima. Wenye picha za utupu huvamia hashtegi, watu wanaripoti, inafungwa na wasiohusika wanaumia humo humo. Na si hashtegi ndogo tu: Juni 2025 TikTok waliziba utafutaji wa #SkinnyTok dunia nzima.

MamaShanga_Kkoo
Mimi na utupu wapi na wapi? Mbele ya mama wa watu!

FundiVideo
Wewe umepata onyo, hiyo ni rahisi kuijua. Ngumu ni ile inayofunguka lakini video mpya hazionekani, zipo za zamani tu. Kwa hiyo kabla ya kuposti, itafute kwa simu ya mtu mwingine. Kisha angalia takwimu za video: kama waliotoka For You wameporomoka na waliobaki ni wafuasi wako, shuku hashtegi.

KijanaWaTemeke
Basi aandike #sh4nga, mashine haitashtuka.

FundiVideo
Nani anatafuta sh4nga? Na mchezo huo nao hunaswa. Andika maelezo kama mteja anavyouliza: "shanga za kioo, rangi ya maziwa, Kariakoo". Maneno hayo yaweke pia juu ya video, na uyataje kwa sauti. Hashtegi iwe #shangakariakoo, ila nayo uikague kwanza.

MamaShanga_Kkoo
Na mifuko niliyokwisha chapisha? Nibandike stika?

Mzaramo_Halisi
Rangi ya maziwa ipo? Shilingi ngapi?

Bodaboda_Mbagala
Nyie mnalia hashtegi, mimi video zenyewe sizioni. Bando nimenunua asubuhi, saa nne limeisha, simu ipo mfukoni!

KijanaWaTemeke
Mtandao gani huo? Wangu nao wamenila jana usiku nimelala.

Bodaboda_Mbagala
Hao hao! Tufungue uzi wao.