Kivuli cha majani au kivuli cha jua kali: kipi kinafaa kwa picha za asali?

Mzinga_wa_Ipuli
Habari zenu, wanajukwaa. Nafungasha asali hapa Tabora, na duka moja la Dar es Salaam limeniomba picha tatu kabla ya Ijumaa ijayo. Wanataka bidhaa ionekane imekaa mezani nyumbani, katika mwanga wa asili. Nimeona mitindo miwili: ule ambao bidhaa imezungukwa na madoadoa ya mwanga yanayopenya majanini, na ule wa jua tupu, ambao kivuli kimoja kirefu kimelala juu ya meza kikiwa na ukingo uliokatika kama kwa wembe. Naomba ushauri nichague upi.

Taa_ya_Gongoni
Ndugu, umetuachia kazi ya kubahatisha. Chupa ni ya kioo au ya plastiki? Asali ni nyeupe au ya kahawia iliyokolea? Lebo inang'aa au imefifia? Na unapigia kamera au simu? Bila hayo kila mtu hapa atakusifia anachokipenda yeye.

Dagaa_Mkavu
Mimi nasema majani bila kusita. Kivuli cha majani ni laini kwa sababu jani ni jembamba na hupitisha mwanga kidogo, ndiyo maana hakimchoshi mtazamaji. Jua tupu ni la matangazo ya viatu.

Bibi_Mawese
Wanangu, nami niseme, maana yalinikuta hapa Kigoma. Natengeneza sabuni ya mawese, miche ya rangi ya maziwa. Siku moja niliipanga juu ya ubao chini ya mwembe wangu mkubwa, saa tano asubuhi, madoa ya mwanga yakicheza juu yake, nikajiona nimepata picha ya gazetini. Nilipiga zaidi ya sitini, nikachagua nne, nikazituma kwa wateja wa Mwanza. Wa kwanza aliuliza kama sabuni imeota ukungu. Wa pili aliuliza kwa nini mche mmoja una mabaka. Nilipozitazama upya nikaona wana haki: kila mche ulikuwa na duara jeupe kabisa lisilo na umbile la sabuni, na pembeni yake rangi ya kijani-kijivu ambayo sabuni yangu haina. Ajabu ni kwamba hapakuonekana umbo la jani hata moja, ni miduara tu. Ningetazama picha moja kwanza kabla ya kupiga hizo nyingine zote, ningeokoa asubuhi nzima.

Taa_ya_Gongoni
Shikamoo Bibi. Miduara hiyo ndiyo somo lenyewe, na hapo nampinga Dagaa_Mkavu kidogo. Ni kweli jani hupitisha mwanga, na ndio uliochangia ukijani kwenye sabuni, lakini ulaini wa ukingo wa kivuli hautokani na wembamba wa jani bali na umbali. Jua tunaliona kama duara, si kama nukta, kwa hiyo kila mita 1 kati ya jani na kitu kinachopokea kivuli huufifisha ukingo kwa takriban milimita 9. Matawi ya mwembe wa Bibi yakiwa mita 4 juu, ukingo unatawanyika karibu sentimita 4, yaani nusu ya mche wa sabuni au zaidi. Hapo umbo la jani limekwishapotea, na kila tundu dogo kati ya majani linachora sura ya jua lenyewe. Ndiyo maana jua linapopatwa nusu, madoa chini ya miti hugeuka kuwa hilali.

Kwa hiyo anayetaka kivuli kinachosomeka kuwa ni cha majani hakai chini ya mti. Anakata tawi, anatoka nalo juani, analifunga kwenye kiti umbali wa nusu mita hivi kutoka ukutani, na ukingo unabaki na ulaini wa milimita 5 tu. Kisha analisogeza mpaka madoa yaangukie ukuta na meza, na bidhaa isimame penye uwazi. Jani moja likigusa pembe ya kifuniko si neno, lakini kivuli kisikatize jina kwenye lebo.

Mpanda_Baiskeli
Samahani, sijaelewa. Kwa nini asali iwekwe juani? Joto linaiharibu, huifanya iwe nyeusi na kuipotezea harufu. Iwekeni kivulini, na mada iishe.

Mzinga_wa_Ipuli
Ndugu Mpanda_Baiskeli, ni ya picha tu. Chupa moja itakaa juani dakika chache na haitauzwa. Bibi, pole, na asante. Kwa Taa_ya_Gongoni: chupa ni ya kioo, asali ni ya kahawia iliyokolea, lebo ni karatasi isiyong'aa, na napigia simu.

Taa_ya_Gongoni
Ulipaswa kuanzia hapo. Kioo kinabadili hesabu. Asali iliyokolea ikimulikwa kutoka mbele huonekana nyeusi kama lami, na madoa ya majani juu yake huzidisha giza. Jua likiwa nyuma ya chupa, asali inawaka, na ndani ya kivuli chake mezani linatokea doa la rangi ya dhahabu. Doa hilo huwezi kulipata kwa majani, kwa sababu tawi likikaa kati ya jua na chupa linaukata mwanga huohuo unaoutafuta. Hasara yake ni kwamba lebo inabaki gizani, hivyo simamisha karatasi nyeupe ya manila kando ya simu ili irudishe mwanga mbele.

Saa nayo ina neno lake. Mwanzoni mwa Oktoba jua letu hupita utosini karibu saa saba kasoro dakika 20 mchana, na chupa inakikalia kivuli chake. Saa mbili unusu asubuhi kivuli hukaribia urefu wa chupa mbili. Saa tatu unusu kinalingana na chupa. Kwa mtindo wowote, bonyeza kidole kwenye sehemu yenye mwanga mkali zaidi, kishikilie mpaka simu ifunge kipimo, kisha punguza mwanga. Ukiiachia simu ichague yenyewe, sehemu nyeupe zitaungua.

Dagaa_Mkavu
Nimekubali kuhusu umbali. Hata hivyo, jua tupu halisemi "nyumbani". Chukua kuti la mchikichi, kivuli chake kina mistari inayopendeza kuliko jani lolote.

Bibi_Mawese
Mchikichi ni wetu wa Kigoma, mwanangu. Asali ya miombo ya Tabora chini ya kuti la mchikichi, mtu wa Urambo akiiona atacheka. Atumie jani la mninga.

Dagaa_Mkavu
Mnunuzi wa Dar es Salaam hatambui mninga kwa kivuli chake, Bibi.

Bibi_Mawese
Mimi ningetambua.

Mzinga_wa_Ipuli
Nimejaribu leo asubuhi. Ya jua la nyuma ilitoka jaribio la tatu: doa la dhahabu limeonekana vizuri, ila alama za vidole vyangu kwenye kioo nazo zimewaka kama zimechorwa, kwa hiyo narudia kesho baada ya kufuta chupa. Ya tawi nilitumia mwembe, mninga uko mbali. Upepo ulilitikisa, na katika picha kumi hakuna mbili zinazofanana, lakini ukuta umependeza kweli. Mke wangu anataka ya majani, mimi nataka ya jua. Je, nikiweka kivuli cha tawi ukutani peke yake na kuiacha chupa upande wa jua, inawezekana kwa pamoja?

Taa_ya_Gongoni
Jua likiwa nyuma ya chupa, ukuta ulio nyuma yake unalipa jua kisogo na hauna mwanga wa kupokea kivuli. Labda jua likija kwa ubavu, lakini hapo mng'ao wa asali utapungua. Sijawahi kuipata picha hiyo ikaniridhisha.

Mpanda_Baiskeli
Hiyo asali ya kahawia mnauza shilingi ngapi kwa kilo?