Tupeane uzoefu: rekoda 12, wanafunzi 62

Mama Gredi Nne
Walimu wenzangu, nina wanafunzi 62, rekoda 12 na kipindi cha dakika 35. Kumi na wawili wakipuliza, hamsini wanakosa la kufanya na darasa linageuka soko. Nyie mnafanyaje? Naomba hatua, si pole.

Mwalimu wa Zamu
Gawa makundi sita, manne ya watoto 10 na mawili ya 11. Kila kundi likishika rekoda dakika 4, jumla ni 24. Zinazobaki 11 ni za kufungua na kukusanya. Kwa kuwa kundi halizidi 11, rekoda moja hubaki mkononi mwako kila zamu.

Wasio na rekoda kila mmoja awe na kijiti cha mwanzi cha sentimita 30 hivi, unene wa rekoda, chenye alama za wino: moja upande wa nyuma kwa kidole gumba, tatu mbele. Wakati kundi moja linapuliza, wengine wanaweka vijiti kidevuni, wanabonyeza alama na kuimba. Mwenye rekoda naye huanzia kidevuni. Akishaimba na vidole vikakaa sawa, ndipo anapandisha mdomoni.

Anza na noti ya B, gumba na shahada tu. Ongeza cha kati upate A, kisha cha pete upate G. Ukiichukua G kuwa do, hizo ni mi, re, do, na nyimbo nyingi za watoto zinaingia. Usianze na C ya chini hata kama kitabu kinaanza nayo. Inataka matundu yote yazibwe na pumzi ndogo sana, na mtoto wa Gredi ya 4 hupuliza kama anazima mshumaa. Sauti inaruka juu inapiga yowe, na darasa zima linamuiga. Wafundishe kusema "du" kwa ulimi kila noti, na ukague mkono wa kushoto uko juu. Anayeanza na wa kulia juu huteseka akifika noti za chini.

Binti Kwale
Hilo la mkono wa kushoto ni kweli tupu. Lisiposhikwa wiki ya kwanza halitoki.

Mpenda Muziki
Rekoda ni ghali bila sababu. Chukua chupa nane za soda, tia maji. Maji mengi sauti inapanda, maji machache inashuka. Tayari una do hadi do.

Fundi Bomba
Nusu tu, ndugu. Ukipuliza mdomo wa chupa, maji mengi yanafupisha hewa, sauti inapanda kama usemavyo. Ukigonga kwa kijiti ni kinyume: kinachotetema ni chupa yenyewe, na maji yanaizidishia uzito, inashuka. Mwalimu akichanganya hayo mawili anapanga mstari wake kinyumenyume. Weka alama ya utepe kwenye kina cha maji, kwa sababu yanapungua na sauti inahama.

Mpenda Muziki
Mimi nimesema kupuliza.

Fundi Bomba
Hukusema. Lakini sawa.

Mwimbaji wa Kwaya
Naomba msaada. Kanisani tunataka kinanda cha umeme, kipi ni kizuri kwa kwaya ya watu 40?

Binti Kwale
Mwimbaji, hapa tunazungumzia darasa lisilo hata na soketi. Fungua mada yako, wapo watakaokujibu.

Mlinzi wa Stoo
Kabla hamjagawa rekoda, sikieni kuhusu usafi. Kwenye shule moja, muda mfupi kabla ya mashindano, zilitiwa rekoda 20 kwenye sufuria ya maji yanayochemka ili ziuawe vijidudu. Zilipotolewa, nyingi zilikuwa zimepinda na viungo vimelegea. Hata kati ya zilizobaki nyoofu, baadhi zilitoa pumzi bila noti. Plastiki ile hulainika karibu na joto la maji kuchemka, na njia ya hewa ni ufa mwembamba unaolenga ukingo mkali kwenye dirisha la rekoda. Ukingo ukisogea kidogo tu, sauti imekwenda. Maji vuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki kuukuu vinatosha. Msumari au kijiti kisiingie kamwe kwenye ufa huo.

Binti Kwale
Jamani, zote 20?

Mlinzi wa Stoo
Zilizookolewa hazikufika tano.

Mwalimu wa Zamu
Kati ya zamu na zamu sisi tunafuta mdomo kwa kitambaa safi chenye sabuni.

Mlinzi wa Stoo
Hapo sikubaliani kabisa. Kufuta nje hakugusi mate yaliyo ndani ya ufa. Kundi moja kwa kipindi, kisha zioshwe na zikauke kabla ya kundi la pili.

Mwalimu wa Zamu
Basi kila mtoto atapuliza mara moja kwa vipindi sita. Muhula utaisha yuko kwenye B.

Fundi Bomba
Ndiyo maana nasema kila mtoto awe na chake. Nunua bomba la plastiki la maji la nusu inchi, mita 6. Kata kwa msumeno wa chuma, lainisha ukingo kwa msasa. Urefu wa hewa ndani, kutoka kizibo hadi mdomo, uwe takriban sentimita 21.6 kwa G, 19.2 kwa A, 17 kwa B na 14.2 kwa D. Kila kipande kiache sentimita 2 zaidi kwa ajili ya kizibo. Seti moja inakula sentimita 80, hivyo bomba moja linatoa seti saba, yaani vipande 28. Mabomba mawili ni vipande 56. Hamsini wanapata kimoja kimoja, kumi na wawili wanashika rekoda, 62 wametimia na unabaki na akiba sita.

Kizibo kata kwenye soli ya ndala, kipana kidogo kuliko tundu, kisukume kwa penseli. Kikisogezwa kuelekea mdomo sauti inapanda, kikirudi nyuma inashuka, na hapo ndipo unapolinganisha na rekoda. Rekoda itasikika oktava moja juu, msishtuke. Bomba likitoa upepo mtupu, kwanza kagua kizibo kama kinavuja, kisha mdomo: mtoto apulize kuvuka ukingo, si kuingiza ndani. Wapulize kwa muda mfupi mfupi, vinginevyo wanashikwa kizunguzungu.

Kila mtoto ana noti moja, anaingia zamu yake ikifika, kama wapigaji wa makondere kule Uganda. Mwalimu anaonyesha noti ubaoni kwa fimbo.

Mpenda Muziki
Na huyo wa D atakaa kimya wimbo mzima?

Fundi Bomba
Kama wimbo una noti tatu tu, ndiyo. Mpe mapigo ya kayamba, au badilishaneni.

Mama Gredi Nne
Nimechukua. Swali moja: rekoda zangu zikifika F zinagombana, zingine ziko sawa, zingine zinatoa sauti ya ajabu kwa vidole vilevile.

Mwalimu wa Zamu
Umechanganya za Kijerumani na za Baroki. Hesabu matundu ya mbele kutoka juu, tazama la nne na la tano. La tano likiwa dogo kuliko la nne ni ya Kijerumani, na F yake ni rahisi, vidole vinashuka kwa mfuatano. La nne likiwa dogo ni ya Baroki: unaziba hadi la nne, unaacha la tano wazi, unaziba la sita na la saba. Ukifundisha vidole vya aina moja, wenye aina nyingine wataonekana wazembe bure.

Mama Gredi Nne
Nimezikagua sasa hivi. Saba ni za Kijerumani, tano za Baroki. Kesho nazitia utepe wa rangi mbili, na wimbo wa Ijumaa utabaki kwenye B, A na G. La kuosha bado sijaamua.