Kuhesabu stoku mwisho wa mwezi: kwa thamani au bidhaa kwa bidhaa?

Kaunta_Moja: Duka la vyakula rejareja, bidhaa kama 300, wauzaji wawili. Kila mwezi nataka kulinganisha mzigo uliopo na manunuzi na mauzo. Nijumlishe thamani ya duka zima, au nifuate bidhaa moja moja?

Kibubu: Thamani. Mzigo wa mwanzo, ongeza manunuzi, toa uliobaki, vyote kwa bei ya kununulia. Hiyo ndiyo gharama ya ulichouza. Weka faida yako juu, tuseme asilimia 10, ilingane na mauzo. Mengine ni kujichosha.

Stoo_Kuu: Kibubu yuko sawa mpaka alipofika kwenye hiyo asilimia 10. Sukari haina faida ya sabuni. Mwezi ambao sukari imetoka sana, utadhani umeibiwa na hakuna kilichopotea. Tena mafuta yakipungua na mchele ukizidi, kwenye jumla vinafutana, huoni kitu. Bidhaa 20 au 30 zinazobeba fedha nyingi zifuate kwa idadi, zilizobaki acha kwa thamani.

Chukua sukari. Mwanzo wa mwezi kulikuwa na viroba 4 vya kilo 50, yaani kilo 200. Umenunua viroba 10, kilo 500. Mwisho umekuta viroba 3 na kilo 12, jumla 162. Zilitakiwa ziwe zimeuzwa 538, daftari linasema 521. Pengo ni kilo 17.

Kabla hujamshika mtu, pima pakiti 10 za kilo moja. Kila pakiti ikizidi gramu 20, kwa pakiti 521 umeshagawa kilo 10 na kidogo bure. Kilo 6 na ushee zilizobaki zitafute kwenye daftari la madeni na vilivyopelekwa nyumbani. Viroba navyo vipimwe siku ya kupokea, maana kingine huja pungufu.

Bibi_Doti: Mimi nauza vitenge. Bei imepanda katikati ya mwezi, nihesabie ipi?

Stoo_Kuu: Ile uliyonunulia doti hizo. Ukiweka bei mpya kwenye mzigo wa zamani, utajitengenezea faida ya karatasi.

Kibubu: Sawa, asilimia 10 naifuta. Lakini bidhaa 30 kwa idadi, duka liko wazi?

Stoo_Kuu: Hesabu baada ya kufunga. Mzigo ulioshushwa jioni hiyo uwe umehesabiwa na ankara yake imeandikwa, au vyote viwili vingoje kesho. Mzigo ukihesabiwa bila ankara, unaona ziada ya uongo. Ankara ikiandikwa bila mzigo, unaona upungufu.

Kaunta_Moja: Wauzaji wahesabu wenyewe?

Kibubu: Hapana! Watajaza namba za daftari.

Stoo_Kuu: Wahesabu, ila wasilione daftari. Ndio wanaojua katoni ipi imefunguliwa.

Kibubu: Hapo bado hujanishawishi.